Kuunganisha jedwali la kurasa nyingi zilizopigwa picha: maswali kuhusu vichwa vinavyojirudia na namba za kurasa

Jedwali refu likichapwa, kichwa chake hurudiwa juu ya kila ukurasa na namba ya ukurasa huwekwa chini. Msomaji wa karatasi anavihitaji vyote viwili. Lakini ukizipiga picha kurasa hizo, ukaipa kompyuta izisome, kisha ukaziunganisha ziwe jedwali moja, vichwa na namba vinaingia katikati ya data na kujifanya mistari ya kawaida.

Majibu yaliyo hapa chini yanafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni orodha ya vifaa iliyochapwa kwenye kurasa nne za hati kubwa, kurasa ya 11 hadi ya 14. Ina safu nne: Na., Kifaa, Idadi iliyopo na Maelezo. Vifaa vimepewa namba 1 hadi 120, na mwisho wa ukurasa wa 14 kuna mstari wa Jumla uliochapwa 1,846. Namba ya ukurasa iko chini, katikati. Kila ukurasa ulipigwa picha yake na kusomwa peke yake, na matokeo yake yakawa faili nne zenye mistari 132 kwa ujumla. Kazi yetu ni kutoka mistari 132 na kufika 120, bila kupoteza hata kifaa kimoja.

Je, niondoe vichwa na namba za kurasa kabla ya kuunganisha au baada?

Namba za kurasa ziondoe mapema iwezekanavyo, hata kwenye picha yenyewe. Vichwa viache hadi mwisho. Watu wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo safu zinapochanganyika.

Namba ya ukurasa iko nje ya jedwali, mara nyingi kuna nafasi tupu kati yake na mstari wa mwisho. Ukikata picha chini ya mstari huo kabla ya kuisoma, namba haiingii kabisa na hutakuwa na kazi ya kuitafuta baadaye. Kata baada ya kuinyoosha picha, si kabla. Picha iliyopigwa kwa pembe ina ukingo wa chini ulioinama, na ukiikata kwa mstari ulionyooka utabakiza namba upande mmoja au utakata nusu ya mstari wa mwisho upande wa pili. Acha nafasi kidogo chini ya mstari wa mwisho. Herufi kama g, j, p na y zina mikia inayoshuka, na ukiikata mikia hiyo programu itazisoma vibaya.

Kichwa ni jambo jingine. Kwenye kila picha, kichwa ndicho kinachokuonyesha safu gani iko wapi. Picha mbili hazifanani kamwe: kamera ilisogea, karatasi ilijikunja, safu ya Idadi iliyoanza katikati ya picha moja imesogea kushoto kwenye nyingine. Ukikata kichwa mapema, unabaki na mistari ambayo huwezi kujua kwa hakika kama "6" ni idadi ya vifaa au ni sehemu ya maelezo. Kwa hiyo panga kwanza safu za kila ukurasa ukitumia kichwa chake, hakikisha kurasa zote zina safu nne kwa mpangilio uleule, unganisha, ndipo uondoe vichwa.

Kwa nini nisitumie tu amri ya kuondoa marudio?

Kwa sababu inafuta visivyostahili kufutwa na kuacha vinavyostahili.

Amri kama Remove Duplicates ya Excel hulinganisha mistari na kubakiza wa kwanza kati ya inayofanana kabisa. Kichwa kilichosomwa kutoka kwenye picha mara nyingi hakifanani kabisa na mwenzake. Katika orodha yetu, kichwa cha ukurasa wa 12 kilisomwa "Na. | Kitaa | Idadi iliyopo | Maelezo", herufi f imegeuka t. Kwa macho ni kichwa kilekile, kwa kompyuta ni mstari mwingine kabisa, na utabaki. Namba za kurasa nazo hazijirudii hata siku moja: 11, 12, 13 na 14 ni tofauti, kwa hiyo amri hiyo haitagusa hata moja.

Upande wa pili kuna madhara. Jedwali lisilo na safu ya namba linaweza kuwa na mistari miwili ya kweli inayofanana: "Kiti cha mbao | 4 | Kizima" katika sehemu moja, na tena "Kiti cha mbao | 4 | Kizima" katika sehemu nyingine. Hivyo ni viti vinane. Amri ya kuondoa marudio itakuachia vinne, wala haitakuambia ni mstari upi imeufuta.

Nianze vipi basi?

Kabla hujaunganisha chochote, upe kila mstari anwani yake: umetoka ukurasa gani, na ulikuwa wa ngapi kwenye ukurasa huo. Ongeza safu mbili mwanzoni. Safu A iwe ukurasa, safu B iwe nafasi ya mstari, na data ianze safu C hadi F. Andika kichwa sahihi, kile unachotaka kibaki, kwenye mstari wa kwanza wa jedwali lako jipya, yaani C1 hadi F1. Kisha bandika kurasa zote chini yake pamoja na vichwa vyake, bila kufuta kitu. Katika mfano wetu data inajaza mstari wa 2 hadi wa 133.

Anwani hiyo ndiyo inayobeba kazi yote inayofuata. Namba "13" ikiwa peke yake kwenye mstari haikuambii kitu. "13" iliyo mstari wa mwisho wa ukurasa wa 13 inajieleza yenyewe. Na siku mtu atakapotilia shaka kifaa fulani, utajua ni picha ipi ya kufungua. Namba ya ukurasa, kwa hiyo, haipotei. Inatoka kwenye mistari na kuhamia kwenye safu yake.

Angalizo dogo kuhusu majina ya faili: ziite `ukurasa_02`, `ukurasa_11`, si `ukurasa_2`; kurasa zikifika mamia, ziite `ukurasa_002`, `ukurasa_011`. Programu nyingi hupanga majina kwa herufi, na `ukurasa_2` itawekwa baada ya `ukurasa_11`.

Nitavitambuaje vichwa vilivyosomwa vibaya?

Usiulize kama mstari unafanana na kichwa. Uliza ni seli ngapi za mstari huo zinafanana na kichwa. Andika fomula hii kwenye G2 na uiburute hadi chini:

```
=SUMPRODUCT(--(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2:F2,".","")," ","")=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE($C$1:$F$1,".","")," ","")))
```

Fomula inaondoa nukta na nafasi, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo programu ya kusoma picha huvipata na kuvikosa ovyo, kisha inahesabu seli zinazolingana. Excel na Google Sheets hazitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye ulinganisho wa namna hii, kwa hiyo "MAELEZO" na "Maelezo" ni kitu kimoja.

Mstari wa kifaa cha kawaida utapata 0. Kichwa kilichosomwa vizuri kitapata 4. Kichwa cha ukurasa wa 12 chenye "Kitaa" kilipata 3, na kwa jedwali la safu nne mstari wowote wenye 2 au zaidi unastahili kutazamwa. Ni vigumu mno mstari wa data uwe na maneno mawili ya kichwa, kila moja katika safu yake hasa. Kama jedwali lako lina safu mbili tu, kipimo hiki ni dhaifu, na itabidi uegemee zaidi nafasi ya mstari kwenye ukurasa.

Mstari ukipata 0 huku unauona kwa macho kuwa ni kichwa, angalia kama safu za ukurasa huo zimesogea. Kichwa kilichohama safu moja kulia kinapata 0 hata kama kila neno limesomwa sawasawa. Dalili hiyo ni ya thamani: inakuambia kwamba data yote ya ukurasa huo nayo imehama, na kufuta kichwa hapo kungeficha kosa kubwa kuliko kichwa chenyewe.

Kichwa kimekatika kikawa mistari miwili. Nifanyeje?

Hutokea sana pale jina la safu linapochapwa kwa mistari miwili ndani ya seli moja. Kwenye ukurasa wa 13 wa mfano wetu, "Idadi iliyopo" ilisomwa hivi:

```
13 | 1 | Na. | Kifaa | Idadi   | Maelezo
13 | 2 |     |       | iliyopo |
13 | 3 |     |       |         | miguu, hazijatengenezwa
13 | 4 | 66  | ...
```

Mstari wa kwanza unapata alama 3, unaonekana. Wa pili unapata 0 na una neno moja tu. Huo hauwezi kukamatwa na fomula ya kichwa, unakamatwa na hesabu ya seli zilizojaa. Kwenye H2 andika:

```
=COUNTA(C2:F2)
```

Mistari yote yenye 1 ni ya kutazamwa. Katika mfano wetu ilikuwa saba: jina la orodha juu ya ukurasa wa 11, namba nne za kurasa, "iliyopo", na ule mstari wa "miguu, hazijatengenezwa", ambao una habari yake.

Tahadhari moja: COUNTA huhesabu pia seli inayoonekana tupu lakini ina nafasi ndani yake. Kama namba zinazotoka ni kubwa kuliko unavyoona kwa macho, safisha kwanza seli hizo kwa TRIM, bandika matokeo kama thamani, kisha futa zilizobaki bila kitu.

Mstari wenye neno moja tu si takataka ya kufutwa?

Hapana, na hapa ndipo data ya kweli inapopotea mara nyingi zaidi. Ukiacha jina la orodha lililo juu kabisa, mstari wenye seli moja iliyojaa unaweza kuwa vitu vinne tofauti, na nafasi yake kwenye ukurasa ndiyo inayovitofautisha.

Ukiwa wa mwisho kwenye ukurasa na una tarakimu, karibu kila mara ni namba ya ukurasa. Ukiwa chini kabisa ya kichwa na uko kwenye safu iliyo na kichwa cha mistari miwili, ni kipande cha kichwa. Ukiwa katikati ya ukurasa, hasa ukiwa umechapwa kwa herufi nzito kwenye karatasi, ni jina la sehemu, kama vile "Vifaa vya ofisi", na linahusu mistari yote inayofuata hadi jina jingine. Hilo usilifute kabla hujalihamishia kwenye safu mpya iitwayo Sehemu na kulijaza hadi chini.

Wa nne ndio wa kuogopwa: mwendelezo wa mstari ulioanza ukurasa uliotangulia. Kifaa namba 65 ndicho cha mwisho kwenye ukurasa wa 12: "65 | Meza ndefu | 6 | Mbili zimevunjika". Sentensi haijaisha. Mwisho wake, "miguu, hazijatengenezwa", umeangukia ukurasa wa 13 chini ya kichwa. Kati ya vipande hivyo viwili sasa zimekaa namba ya ukurasa 12 na mistari miwili ya kichwa. Ukiifuta mistari yote yenye seli moja kwa pigo moja, meza mbili zilizovunjika miguu zinakuwa meza mbili zilizovunjika kwa namna isiyojulikana.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu: tia alama kwanza kwenye namba ya ukurasa na vichwa, ndipo usome mstari wa mwisho wa kila ukurasa pamoja na wa kwanza wa ukurasa unaofuata. Mwendelezo unaujua kwa kuwa hauna namba kwenye safu ya Na., na maneno yake yanaingia vizuri kwenye sentensi iliyoachwa. Yabandike mwishoni mwa seli ya Maelezo ya kifaa 65, ukiacha nafasi moja, kisha mstari mtupu uondoke.

Namba za kurasa zimeingia ndani ya safu ya idadi. Nitajuaje zipo ngapi?

Namba iliyochapwa katikati chini huangukia safu yoyote iliyo juu yake. Kwetu iliangukia Idadi iliyopo, mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa huko inajumlishwa.

Jumla iliyochapwa ni 1,846. Baada ya kuweka kando mstari wa Jumla, safu ya idadi ilijumlishwa ikatoa 1,883. Tofauti ni 37. Namba za kurasa zote nne, 11 + 12 + 13 + 14, zingetoa 50, si 37. Lakini 50 ukitoa 13 unapata 37. Maana yake kurasa tatu zimejumlishwa na ukurasa wa 13 haukujumlishwa, na tukiutazama mstari wake wa mwisho tunaona umesomwa "l3", herufi l badala ya tarakimu 1. Excel inauona kama neno na kuuruka.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na kitu kingine, linganisha tofauti ya jumla yako na namba za kurasa. Ikilingana na jumla ya baadhi yao, umeshajua pa kwenda. Ila usiishie hapo na kusema hesabu imekaa sawa. Kosa lililogeuza 13 kuwa "l3" linaweza kugeuza idadi ya kweli ya 12 kuwa "l2", na hiyo itapungua kwenye jumla bila kelele. Ukishaondoa mistari isiyo ya vifaa, linganisha hizi mbili:

```
=COUNT(E2:E121)
=COUNTA(E2:E121)
```

Ya kwanza inahesabu namba, ya pili inahesabu kila kilichoandikwa. Zikitofautiana, kuna seli yenye namba iliyosomwa kama neno. Itafute, fungua picha, sahihisha.

Na kama namba za kurasa ziko pembeni, si katikati?

Hati iliyochapwa pande mbili kwa kawaida huweka namba kwenye ukingo wa nje: kurasa shufwa kushoto, kurasa witiri kulia. Kwa hiyo namba za kurasa zitaingia safu ya kwanza kwenye ukurasa mmoja na safu ya mwisho kwenye ukurasa unaofuata, kwa kupokezana. Ukizitafuta kwenye safu moja tu utapata nusu yake.

Zinazoangukia safu ya Na. zina hatari yake. "12" chini ya "65" inaonekana kama kifaa namba 12 kilichojirudia, na mtu mwenye haraka anaweza kwenda kufuta kifaa namba 12 halisi kilicho ukurasa wa 11. Kinachowatofautisha ni kwamba mstari wa namba ya ukurasa hauna jina la kifaa. Usifute mstari wowote kwa sababu ya namba yake peke yake.

Namba zikiwa na mapambo, kama "- 12 -" au "Uk. 12" au "12/40", usishangae ukikuta "12/40" imegeuzwa kuwa tarehe. Majedwali ya kompyuta hupenda kufanya hivyo. Weka safu zote ziwe za maandishi kabla ya kubandika, kisha ubadilishe safu ya idadi kuwa namba mwishoni.

Je, vichwa vyote ni sawa kweli? Naweza kuvifuta bila kuvisoma?

Visome. Ni suala la dakika chache. Kichwa cha kurasa za katikati wakati mwingine hubeba jambo ambalo halipo penginepo: kipimo kimebadilika kutoka kilo kwenda tani, mwaka umebadilika, au juu ya kichwa kuna neno linalosema kurasa hizi ni za ghala jingine. Kwenye karatasi msomaji analiona kila afunuapo ukurasa. Kwenye jedwali lililounganishwa, kichwa kikishafutwa, hakuna atakayejua kwamba 5 ya juu na 5 ya chini si kitu kimoja. Habari ya namna hiyo ihamie kwenye safu yake kabla kichwa hakijaondoka.

Kuna mistari ya "jumla iliyoletwa" na "jumla inayopelekwa mbele". Nayo ni kichwa?

Si kichwa, lakini ni wa ukoo huohuo: upo kwa ajili ya ukurasa, si kwa ajili ya data. Daftari za hesabu huweka jumla ya kufikia hapo chini ya ukurasa, na kuirudia juu ya ukurasa unaofuata. Ukiiacha ndani, kila kiasi kinahesabiwa mara kadhaa na jumla yako inavimba kupita kiasi.

Iondoe kwenye data, lakini usiitupe. Ihamishie kwenye karatasi ya pembeni pamoja na namba ya ukurasa wake, kwa sababu hakuna kipimo kizuri kuliko hicho. Jumla ya mwisho peke yake inakuambia tu kwamba kuna kosa mahali fulani katika hati nzima. Jumla ya kila ukurasa inakuambia kosa liko ukurasa gani. Toa jumla iliyoletwa kwenye jumla inayopelekwa, linganisha na jumla ya mistari ya ukurasa huo, na utafutaji wako unabaki ndani ya picha moja.

Angalia pia kama jumla inayopelekwa ya ukurasa mmoja ndiyo iliyoletwa kwenye unaofuata. Zisipolingana, na zote mbili zimesomwa sahihi kutoka kwenye picha, basi yawezekana kuna ukurasa katikati ambao haukupigwa picha kabisa.

Nina mamia ya kurasa. Kuna njia ya kufanya hili kwa programu?

Ipo, na mantiki ni ileile: upe kila mstari anwani, hesabu alama, hesabu seli zilizojaa. Kwa Python yenye maktaba ya pandas:

```python
import glob
import pandas as pd

safu = ["na", "kifaa", "idadiiliyopo", "maelezo"]
kurasa = []
for f in sorted(glob.glob("ukurasa_*.csv")):
    d = pd.read_csv(f, header=None, names=safu, dtype=str).fillna("")
    d["faili"] = f
    d["nafasi"] = range(1, len(d) + 1)
    kurasa.append(d)
j = pd.concat(kurasa, ignore_index=True)

safi = j[safu].apply(
    lambda s: s.str.lower().str.replace(r"[\W_]+", "", regex=True))
j["alama"] = safi.eq(safu).sum(axis=1)
j["zimejaa"] = (safi != "").sum(axis=1)
j["tazama"] = (j["alama"] >= 2) | (j["zimejaa"] <= 1)
j.to_csv("yote.csv", index=False)
```

Msimbo huu haufuti chochote, na nimeuacha hivyo kwa makusudi. Unaandika faili moja yenye kila mstari na alama ya kutazamwa pale panapostahili. Unaifungua, unachuja safu ya `tazama`, unaamua. Kwa mamia ya kurasa utakuta mistari mingi ya kutazama, lakini karibu yote ni vichwa vyenye alama kamili ambavyo unaweza kuvikubali kwa pamoja. Inayobaki kwa macho ni michache.

Kama unasoma picha kwa Tesseract, iambie itoe mpangilio wa TSV:

```
tesseract ukurasa_12.png ukurasa_12 --psm 6 tsv
```

Matokeo yake yana safu za `left`, `top`, `width` na `height`, yaani mahali neno lilipo kwenye picha kwa pikseli. Namba ya ukurasa inajitenga hapo yenyewe: mara nyingi pengo kati yake na mstari uliotangulia ni kubwa kuliko mapengo mengine yote ya ukurasa. Pima pengo hilo badala ya kuweka kipimo kimoja cha `top` kwa kurasa zote, kwani picha moja ikipigwa kwa karibu zaidi, kila kitu kinahama.

Picha zangu zinaingiliana. Mistari ya chini ya moja iko tena juu ya nyingine.

Ukurasa mrefu uliopigwa vipande viwili huwa hivyo. Tumia safu ya Na.: kifaa namba 48 kikitokea mara mbili kutoka picha mbili zinazofuatana, na majirani zake nao wamejirudia kwa mfuatano uleule, ni mwingiliano wa picha. Bakiza kile kilichosomwa vizuri zaidi, ambacho mara nyingi ni kile kilicho mbali na ukingo wa picha. Bila safu ya namba, linganisha mfululizo wa mistari mitatu au minne kwa pamoja, si mmoja mmoja.

Jedwali linaendelea upande wa kulia kwenye ukurasa wa pili, si chini. Utaratibu ni huohuo?

Hapana. Hapo kichwa cha ukurasa wa pili si marudio, ni safu mpya. Kurasa hizo huunganishwa ubavu kwa ubavu, na kabla ya kuziunganisha hakikisha zina idadi sawa ya mistari. Namba ya ukurasa iliyobaki upande mmoja inatosha kusogeza mistari yote ya upande wa pili.

Nitajuaje kwamba nimemaliza na sijapoteza kitu?

Fanya hesabu ya mistari kwanza. Kwenye orodha yetu, ukurasa wa 11 ulitoa mistari 35: jina la orodha, kichwa, vifaa 32 na namba ya ukurasa. Wa 12 ulitoa 35: kichwa, vifaa 33 na namba. Wa 13 ulitoa 36: kichwa cha mistari miwili, mwendelezo mmoja, vifaa 32 na namba. Wa 14 ulitoa 26: kichwa, vifaa 23, Jumla na namba. Ni 132. Yameondoka jina moja, mistari mitano ya vichwa, namba nne na Jumla moja, yaani 11, na mwendelezo mmoja umeungana na kifaa 65. Inabaki 120. Kila mstari ulioondoka una jina la sababu yake, na kama kuna mmoja usioweza kuutaja kwa nini uliondoka, urudishe uutazame.

Kisha mfuatano wa Na. Panga kwa ukurasa na nafasi, na kwenye mstari wa tatu andika `=C3-C2`, uburute hadi chini. Kila jibu liwe 1. Ukiona 2, kuna kifaa kimeondoka pamoja na kichwa, na karibu kila mara kitakuwa cha kwanza au cha mwisho kwenye ukurasa. Ukiona namba kubwa ya ajabu au hasi, ama namba ya ukurasa imebaki, ama 71 imesomwa 11.

Mwisho, jumla: sasa safu ya idadi itoe 1,846. Mistari ikiwa 120, mfuatano ukiwa hauna pengo, lakini jumla ikakataa, basi vichwa na namba za kurasa havihusiki tena. Kosa liko ndani ya seli moja ya idadi iliyosomwa vibaya, na hiyo inatafutwa kwa kuweka picha kando ya jedwali na kushuka mstari kwa mstari.

Faili la mwanzo lenye mistari 132 nilifute?

Lihifadhi pamoja na picha, likiwa na safu ya uamuzi iliyojazwa: kichwa, namba ya ukurasa, mwendelezo, jumla. Jedwali safi lipatikane kwa kuchuja faili hilo. Ukigundua baadaye kwamba mstari fulani uliwekewa alama kimakosa, unabadilisha neno moja kwenye safu ya uamuzi na kuchuja tena, na kifaa kinarudi mahali pake.